Kikundi, Benki na Safari Moja

Kila mmoja awe na daftari na kalamu, maana mwishoni tutaandika barua fupi. Mwenye kuona taabu kusoma maandishi madogo aketi karibu na mwenzake.

Leo tutasema habari ya kwenda benki. Hatutasema habari ya kuweka fedha wala kutoa fedha kidogo, kwa sababu kazi hizo siku hizi hufanywa na wakala aliye hapa hapa kijijini. Tutasema habari ya kazi ambayo wakala hawezi kuifanya, nayo ni kubadili watia saini wa akaunti ya kikundi. Kwa kazi hiyo hapana budi kupanda gari mpaka kwenye tawi. Wengi wetu tumo katika vikundi vya kuweka na kukopa, na mara nyingi kazi hii huwarudisha watu njiani mara mbili au tatu. Basi tujifunze jinsi ya kuimaliza kwa safari moja.

Tuchukue mfano wa kikundi kimoja. Kina wanachama 25, na fedha zake benki ni shilingi 2,400,000. Watia saini ni watatu: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Siku walipofungua akaunti walikubaliana kwamba fedha zitatoka kwa saini mbili, ya mweka hazina pamoja na ya mwenyekiti au katibu. Mpango huo ulikuwa mzuri hadi mweka hazina alipohamia Morogoro kwa mwanawe. Tangu siku ile fedha zote zilikwama. Mwenyekiti na katibu hata wakitia saini wote wawili, benki haitoi kitu, kwa sababu saini ya mweka hazina haipo. Na wanachama walikuwa wamepanga kugawana fedha hizo kabla ya mvua za masika, wapate kununua mbegu na kulipa vibarua wa kulima.

Kikundi kilichagua mweka hazina mpya. Mwenyekiti akachukua karatasi ya uchaguzi, akapanda gari peke yake. Karani wa benki akamwambia, "Mama, hatuwezi kumwandika mtia saini mpya ikiwa yeye mwenyewe hayupo. Tena karatasi hii haina saini za waliohudhuria. Na barua ya Afisa Maendeleo ya Jamii iko wapi?" Akarudi. Juma la pili wakaenda watatu, wakiwa na barua na orodha ya saini. Karani akatazama, akasema, "Jina lililo katika karatasi ya kikao si jina lililo katika kitambulisho." Kumbe katibu aliandika jina ambalo mama yule huitwa kijijini, yaani jina la mtoto wake wa kwanza. Wakarudi tena. Kazi ilikubaliwa safari ya tatu.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 7,000 kwa mtu mmoja. Safari ya kwanza alikwenda mtu mmoja, nayo ni shilingi 7,000. Safari ya pili walikwenda watatu, nayo ni shilingi 21,000. Safari ya tatu vivyo hivyo, shilingi 21,000. Jumla ni shilingi 49,000. Kama wangejiandaa vema, wangetumia shilingi 21,000 tu. Kwa hiyo shilingi 28,000 zilipotea barabarani, tena bila kuhesabu chakula wala siku za shamba. Na mvua haikungoja.

Sasa tuulize, kwa nini karani alikuwa mkali? Je, alitaka kuwasumbua wazee wetu? La. Fedha zile si za mwenyekiti wala si za katibu. Ni za watu 25. Fikiri mwenyewe: kama benki ingekubali neno la mtu mmoja, mtu mjanja angeweza kwenda na karatasi ya uongo, akamwondoa mweka hazina, akamweka ndugu yake, kisha wakatoa fedha zote. Karani anapodai karatasi, anazilinda fedha zako.

Karani ana maswali manne kichwani mwake, na kila karatasi ni jibu la swali moja. Ukiyajua maswali hayo manne, huhitaji kukariri orodha ndefu. Tuyatazame moja moja.

SWALI LA KWANZA: Je, kikundi hiki kipo kweli, na sheria zake ni zipi?

Jibu la swali hili ni cheti cha usajili na katiba ya kikundi. Cheti huonyesha kwamba kikundi kimeandikishwa na kinajulikana. Katiba huonyesha nani ana haki ya kuchagua viongozi, na kikao kiwe na watu wangapi ili uamuzi uwe halali. Kabla ya kwenda, fungua katiba usome sehemu inayohusu vikao. Tuseme katiba ya kikundi chetu inataka theluthi mbili za wanachama wawepo. Theluthi mbili ya watu 25 ni watu 16 na sehemu, kwa hiyo wanatakiwa wasiopungua 17. Kama walihudhuria 19, uamuzi ni halali. Kama walihudhuria 14, usipoteze nauli. Itisheni kikao kingine kwanza.

Tazama pia jina la kikundi. Liwe lile lile katika cheti, katika katiba na katika karatasi za benki, herufi kwa herufi. Neno moja likizidi au likipungua, karani atauliza.

SWALI LA PILI: Je, wanachama wenyewe wameamua jambo hili?

Jibu la swali hili ni muhtasari wa kikao. Hii ndiyo karatasi inayowarudisha watu wengi kuliko zote, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Vikundi vingi huandika hivi: "Tumekaa kikao, tumemchagua mweka hazina mpya, kikao kimefungwa." Maneno hayo yanatosha kwetu sisi tuliokuwapo, lakini hayamtoshi karani, maana hayataji akaunti wala hayasemi nani anaondoka. Muhtasari mzuri una tarehe na mahali pa kikao, idadi ya wanachama wote na idadi ya waliohudhuria, kisha uamuzi wenyewe. Uamuzi unaweza kuandikwa hivi:

"Kikao kimekubali kwamba mweka hazina wa zamani, ambaye amehama, aondolewe katika orodha ya watia saini wa akaunti ya kikundi namba ........ kuanzia leo. Nafasi yake itashikwa na ........, mwenye namba ya kitambulisho cha taifa ........ Fedha zitatolewa kwa saini za watu wawili, nao ni mweka hazina pamoja na mwenyekiti au katibu."

Katika nafasi zilizo wazi utaandika majina yote ya kila mtu, kama yalivyo katika kitambulisho chake, na jina la mweka hazina wa zamani nalo liandikwe. Usiandike "Mama Fulani". Mwisho, mwenyekiti na katibu watie saini, muhuri wa kikundi ugongwe kama upo, na karatasi ya mahudhurio ifungwe nyuma yake. Katika karatasi hiyo kila aliyehudhuria ana jina lake na saini yake, au dole gumba lake kama hajajua kuandika.

Kuna jambo moja zaidi la kufikiri katika kikao hicho hicho. Kikundi chetu kilikwama kwa sababu saini ya mtu mmoja ilikuwa ya lazima. Mnaweza kuamua fedha zitoke kwa saini za "watu wawili wowote kati ya watatu". Hapo mmoja akihama au akiugua, wawili waliobaki wataweza kutoa fedha. Lakini jueni kwamba ulinzi nao hupungua kidogo, maana mwenyekiti na katibu wataweza kutoa fedha bila mweka hazina kujua. Zungumzeni wote, mkaamue. Mkiamua kubadili, andikeni katika muhtasari huo huo, msije mkarudi benki kwa jambo hilo peke yake.

SWALI LA TATU: Nani mwingine anashuhudia?

Muhtasari umeandikwa na kikundi chenyewe, kwa hiyo benki hutaka shahidi wa nje. Shahidi huyo ni Afisa Maendeleo ya Jamii, ambaye ndiye anayevijua vikundi. Mpelekeeni muhtasari na orodha ya mahudhurio, naye ataandika barua ya utambulisho kwa benki. Kabla ya kutoka ofisini kwake, isomeni barua hiyo. Tazameni kama imetaja jina la kikundi sawasawa, jina la tawi la benki, na majina ya anayeondoka na anayeingia. Tazameni kama ina tarehe, saini na muhuri. Barua isiyo na muhuri ni safari nyingine.

Afisa naye ana kazi za kutembelea vijiji. Msimwendee kwa kubahatisha. Mpigieni simu au mpelekeeni neno, mkubaliane siku. Na barua hii ipatikane kabla ya kupanga siku ya benki, si baada yake.

Kama mtia saini wa zamani yu hai na hakuna ugomvi, mwombeni aandike barua fupi ya kujiuzulu na kuituma. Inasaidia sana. Kama amefariki, benki inaweza kudai cheti cha kifo. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo, kwa hiyo msichanganye karatasi hizo mbili.

SWALI LA NNE: Je, huyu mpya ndiye yeye kweli?

Jibu la swali hili ni mtu mwenyewe, kitambulisho chake cha taifa, picha zake ndogo, na mara nyingi barua ya Mtendaji wa Kijiji inayosema anakaa wapi. Picha ikibandikwa katika barua ya Mtendaji, muhuri upite nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi. Hivyo picha haiwezi kubanduliwa na kuwekwa nyingine.

Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20. Tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtu aliyezaliwa tarehe 17 Mei 1962, namba yake huanza na 19620517. Hii ni njia nzuri ya kukagua. Ukiona namba iliyoandikwa katika muhtasari ina tarakimu 19, au mwanzo wake haulingani na tarehe ya kuzaliwa, basi imekosewa. Hesabu kwa kidole, tarakimu baada ya tarakimu.

Benki inaweza pia kupima alama za vidole kwa mashine. Hapa kwetu wako watu waliokata mkonge au kushika jembe miaka mingi, na ngozi ya vidole vyao imelika. Mashine huenda isivisome. Kama umewahi kupata taabu hiyo wakati wa kusajili laini ya simu, liseme jambo hilo mapema unapopiga simu benki, uulize wanafanyaje. Siku ya safari, osha mikono vizuri uikaushe, na jaribu vidole vingine kama gumba likikataa.

Sasa nasema na wewe uliyejifunza kuandika katika darasa hili. Utapewa kadi ya kutia saini yako ya mfano. Benki itaitunza saini ile, na kila utakapotoa fedha italinganishwa nayo. Kwa hiyo chagua saini unayoweza kuirudia. Nyumbani, itie mara kumi katika karatasi. Kama zote kumi zafanana, ndiyo saini yako. Na kama zamani benki ilichukua dole gumba lako, nawe sasa wataka kutia saini kwa kalamu, usianze tu kutia saini katika hati ya kutolea fedha, maana haitalingana na mfano ulioko benki. Omba kwanza wakubadilishie mfano wako. Fanya hivyo siku hiyo hiyo mtakapokwenda kwa kazi ya kikundi.

Haya, karatasi zimekamilika. Je, tupande gari? Bado. Kwanza tupige simu.

Tumia namba ya tawi iliyoandikwa katika karatasi za benki au iliyobandikwa katika tawi lenyewe. Usitumie namba iliyokuja katika ujumbe wa mtu usiyemjua. Na katika simu hiyo usimtajie mtu yeyote namba yako ya siri. Karani wa kweli haihitaji kwa kazi hii.

Andika maswali yako matano katika daftari, na baada ya kila swali acha nafasi ya jibu:

1. Akaunti yetu ilifunguliwa katika tawi fulani. Je, kazi hii yaweza kufanywa katika tawi lenu, au lazima turudi kule ilikofunguliwa?
2. Ni nani wanaotakiwa kufika wenyewe?
3. Mnataka karatasi gani, na nakala ngapi za kila moja? Je, nakala zithibitishwe na wakili au hakimu?
4. Siku gani na saa ngapi afisa anayeshughulikia akaunti za vikundi atakuwapo?
5. Kuna malipo yoyote?

Swali la kwanza ni muhimu sana kwetu. Kabuku ni ya Wilaya ya Handeni, lakini barabara ya lami humpeleka mtu Korogwe kwa wepesi kwa njia ya Segera. Kikundi kinaweza kuwa kilifungua akaunti Handeni mjini, kisha viongozi wakaenda Korogwe kwa kuwa gari ni rahisi. Kwa kutoa fedha haina taabu. Kwa kubadili watia saini, tawi laweza kusema karatasi zenu za mwanzo haziko kwake. Swali moja katika simu litaokoa nauli ya watu watatu.

Benki hazifanani zote. Moja hutaka picha mbili, nyingine nne. Moja huuliza namba ya mlipa kodi ya kikundi, nyingine haiulizi. Ndiyo maana majibu ya simu ndiyo orodha yako ya mwisho. Andika jina la aliyekujibu na tarehe. Ukifika ukaambiwa vingine, utasema kwa upole, "Tarehe fulani tulizungumza na fulani, akatuambia hivi."

Msichague siku za mwisho wa mwezi, wakati watu wanapochukua mishahara, kwa kuwa foleni huwa ndefu. Ondokeni mapema, mfike karibu na saa ya kufungua. Asubuhi hiyo, kabla ya kupanda gari, pigeni simu tena mwulize swali moja tu, "Je, mtandao unafanya kazi?" Mtandao ukikatika, karani hawezi kufanya kitu hata karatasi zenu zikiwa safi.

Nakala zote zitolewe hapa Kabuku jana yake. Wekeni karatasi halisi katika bahasha moja na nakala katika bahasha nyingine, kwa mpangilio wa yale maswali manne. Chukueni kalamu yenu na muhuri wa kikundi.

Mkishamaliza mbele ya karani, msiinuke bado. Ulizeni, "Je, kuna kitu kilichopungua?" Kisha ulizeni, "Mabadiliko yataanza kutumika lini, nasi tutajuaje?" Maana kazi hii si lazima iishe dakika ile. Tawi laweza kupeleka karatasi makao makuu, na siku kadhaa zikapita. Safari moja maana yake ni kwamba karatasi zimepokelewa zote na hamtaitwa tena. Pigeni simu siku mliyoambiwa. Wakisema tayari, ndipo mweka hazina mpya aende kutoa fedha.

Sasa andikeni katika daftari barua hii kwa Meneja wa Tawi:

"Sisi viongozi wa kikundi cha ........ tunaomba kubadili mtia saini wa akaunti namba ........ kama ilivyoamuliwa katika kikao cha tarehe ........ Tumeambatanisha cheti cha usajili, katiba, muhtasari na mahudhurio, barua ya Afisa Maendeleo ya Jamii, na kitambulisho na picha za mtia saini mpya."

Chini yake mwenyekiti na katibu watie saini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Katiba inataka theluthi mbili. Kikundi kina wanachama 30. Wasiopungua wangapi wanatakiwa kuhudhuria?
2. Namba ya kitambulisho huanza na 19750903. Mwenyewe alizaliwa lini?
3. Kwa nini barua ya Afisa Maendeleo ya Jamii itangulie kupanga siku ya benki?
4. Je, kikundi chenu hutoa fedha kwa saini za nani? Mmoja wao akihama kesho, itakuwaje?

Swali la nne msilijibu kwa haraka. Rudini nalo katika kikao chenu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.